Mchoro Uliokatika Kwenye Skrini ya Papa Kyungu

Bibiche Bokungu alizaliwa Kamina Base, kwenye nyumba za wanajeshi, baba yake akiwa ajida, mwanajeshi wa cheo kidogo, aliyeletwa na jeshi kutoka mkoa wa Ekwateri na kuachwa huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Nyumbani walisema Kilingala. Mjini alisema Kiswahili cha Kamina, na watoto wa shule walimcheka kwa jinsi alivyokitamka, mpaka akakijua kuwashinda wao. Alikuwa mtu wa kujifunza jambo kwa hasira. Ndivyo alivyojifunza na kompyuta, na aliyemfundisha alikuwa Papa Kyungu Monga.

Papa Kyungu alikuwa fundi umeme wa zamani, Muluba wa hapo hapo Kamina, mtu wa misa ya asubuhi. Bwana Kaumba alipofungua karakana ya kutengeneza pampu za maji za jua, Kyungu ndiye aliyejifunza kuandika programu za vile visanduku vinavyoamuru pampu iwake au izime. Alijifunza akiwa mtu mzima, peke yake. Bibiche alipoajiriwa, akakalishwa kwenye meza iliyo karibu na yake.

Kitu cha kwanza Kyungu alichomfundisha hakikuwa programu. Kilikuwa mchoro. Juu ya kila programu, kwenye sehemu ya maelezo ambayo mashine huyaruka na binadamu ndiye huyasoma, Kyungu alichora mfumo mzima kwa alama za kibodi. Alama ya kujumlisha ilikuwa pembe ya sanduku, vistari vilikuwa dari na sakafu, vijiti vya wima vilikuwa kuta. Mshale ulikuwa vistari vinavyoishia na alama ya kubwa-kuliko.

"Juu ya nini hauchore kwa karatasi, Papa?" Bibiche alimuuliza.

"Karatasi inalowa. Karatasi inabaki mu mutuka, gari inaenda nayo. Lakini programu, kila pahali boksi inaenda, nayo inaenda. Fundi akifika kule kwenye hakuna rezo, anafungua programu, anaona waya gani inaingia wapi."

Kisha akampa masharti yake. Tumia herufi za upana mmoja, zile ambazo i na m zinachukua nafasi sawa, la sivyo kuta za sanduku zitayumba. Jaza nafasi kwa kitufe cha nafasi tu, usiguse kitufe cha Tab, maana kila mashine inapima Tab kwa kipimo chake. Ukibadilisha jina ndani ya sanduku likawa refu zaidi, rudi kwenye kila mstari wa sanduku hilo uuongezee. Na usipanuke. Michoro ya Kyungu ilikuwa myembamba, imesimama wima kama nguzo.

Bibiche aliyashika yote, na kwa muda akawa anachora kama mwalimu wake. Halafu akaanza kuchora vizuri zaidi. Alipata alama maalumu za kuchorea masanduku, zile zenye mistari inayoungana bila pengo, akaacha vistari na alama za kujumlisha. Alipata skrini pana, na mchoro wake ukatanuka pamoja nayo: kisima upande wa kushoto, boksi la umeme katikati, tanki upande wa kulia, mishale mirefu ikienda na kurudi, na majina ya skrubu zinazoshika nyaya yameandikwa juu ya mishale, kwenye mstari wao wenyewe. Bwana Kaumba aliwaita wageni waje kuuona. "Angalia," aliwaambia, "hii yote ni maandishi tu!"

Bibiche alifurahi kupita kiasi. Wiki ile ile alifuta mchoro mwembamba wa Kyungu kwenye programu ya pampu, akaweka wake mahali pake. Hakumuuliza.

Kyungu alimwita baadaye mezani kwake. "Bibiche, dessin yako inanipigia kelele," alisema, akimwonyesha ule mchoro.

Alipoutazama kwenye kompyuta ya mzee, kuta za masanduku zilikuwa zimepinda kama uzio wa miti uliogongwa na ng'ombe. Akajua sababu mara moja. Fonti ya mashine ile haikuwa na zile alama maalumu, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inaziazima kwenye fonti nyingine yenye upana tofauti. Alimwekea fonti mpya, na kuta zikanyooka. Alipokuwa anafanya hivyo aliona kwamba Kyungu alikuwa amekuza herufi mno, mistari michache tu ikijaza skrini nzima.

"Papa, hii ni maandishi ama ni tangazo ya barabarani?" alicheka, akazipunguza mpaka ukubwa wa kawaida. "Njo maana dessin haikae. Ona sasa."

Kyungu naye alicheka kidogo. Akaegemea mbele, akaitazama skrini kwa muda mrefu. "Iko muzuri," alisema. "Lakini uipunguze upana, mwana. Uisimamishe kama ile yangu. Kule kwa vijiji, kompyuta yangu ya safari ni kadogo."

"Nitafanya, Papa."

Hakufanya. Alikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli hakutaka. Alimwona mzee kuwa anaonea wivu mchoro wake. Kyungu alimkumbusha mara moja, wakiwa mlangoni, naye akasema tena, "Nitafanya."

Boksi lenye programu ile lilikwenda kijiji kimoja upande wa Kabondo-Dianda, mwendo wa barabara mbaya, Kyungu akiwa juu ya lori pamoja na mabomba. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Ndani ya kisima kulikuwa na kihisi kinachojua maji yakipungua, na waya wake ulitakiwa kuingia kwenye skrubu A1, ile inayozima pampu. Ndani ya tanki kulikuwa na kihisi kinachojua tanki likijaa, na waya wake ulitakiwa kuingia A2, ile inayowasha taa nyekundu juu ya nguzo. Taa ilikuwa ya kuwaita watu wenye ndoo. Maji yaliyozidi yalimwagikia bustani za mboga, kwa hiyo tanki likijaa hapakuwa na haja ya kuzima kitu.

Kyungu aliunganisha, akawasha, maji yakapanda. Watu wakapiga vigelegele. Jaribio la mwisho, la kukiinua kihisi cha kisima ili kuona kama pampu itazima, hakulifanya. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi, wingu la mvua lilikuwa limekwisha kusimama upande wa mto Lualaba, na kama lori lingekwama lingekwama na yeye.

Kiangazi kilipofika, maji ya kisima yakashuka chini ya kihisi. Pampu haikuzima. Badala yake taa nyekundu iliwaka juu ya nguzo, na akina mama wakaja mbio na ndoo zao, wakapanga foleni, wakafungua bomba. Bomba likakohoa. Walisubiri wakiitazama ile taa, wakiamini tanki limejaa, na chini ardhini pampu ilikuwa inazunguka bila maji, kwenye hewa tupu, mpaka ikaungua.

Habari zilipofika karakana, Bwana Kaumba aliwakusanya wote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile ilikuwa chini zaidi.

"Papa Kyungu. Waya ya kisima uliiweka wapi?"

"Kwa A2, patron."

"Na dessin inasema nini?"

Kaumba alifungua programu kwenye skrini yake kubwa, akaigeuza ili kila mtu aone. Mchoro wa Bibiche ulitandaa pale, umenyooka. Kisima, mshale, A1. Tanki, mshale, A2. Hata mtoto angeona.

"Bantu ba kijiji bananywa maji ya muto sasa," Kaumba alisema, "juu ya fundi wangu hasome dessin."

Aliondoka bila kusema atafanya nini na Kyungu. Haikuhitaji kusemwa. Mzee alikusanya bisibisi zake, akazipanga ndani ya kitambaa, akaenda nyumbani kabla ya saa za kutoka. Bibiche alikaa mezani kwake akiwaza, Mungu anisamehe, angalau si mimi. Wazo hilo alikuja kulikumbuka kwa aibu kuliko mengine yote.

Kesho yake Kaumba alimtuma atoe kazi za Kyungu kwenye kompyuta ndogo ya safari. Aliifungua. Programu ya pampu ilikuwa bado wazi, kama mzee alivyoiacha kule kijijini.

Herufi zilikuwa kubwa tena, kubwa kuliko zile alizozicheka. Na kwa kuwa herufi kubwa hivyo hazienei kwenye skrini ndogo, Kyungu alikuwa ameiamuru kompyuta ikunje kila mstari unaozidi upana: mkia wa mstari unakatwa na kuangushwa chini, uanze upya ukingoni kushoto. Kwa maneno ya kawaida hakuna ubaya wowote, unasoma na kuendelea. Kwa mchoro ni kuuvunja. Tanki halikuwepo tena upande wa kulia. Vipande vyake vilikuwa vimeanguka kushoto, kimoja kimoja, katikati ya vipande vya kisima.

Bibiche alitafuta ule mstari wa majina ya skrubu. A1 ilikuwa juu, imebaki mahali pake. A2, iliyokuwa mbali kulia, ilikuwa imekunjwa na kuangukia mstari wa chini yake, na sasa imekaa moja kwa moja juu ya mshale wa kisima. Mtu yeyote aliyeutazama mchoro ule kwenye skrini ile angesoma: kisima, A2. Angekuwa amesoma sawasawa.

Alijaribu kuzipunguza herufi, na mchoro ukajiunga, mzima na mzuri. Akazikuza, ukavunjika. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba chenye maiti. Kisha akaelewa lile jambo lingine, lililokuwa mbele yake tangu siku ile ya tangazo la barabarani. Hakuna mtu anayekuza herufi hivyo kwa kupenda.

Mchana alikwenda kwa Kyungu. Mke wake, Maman Ndaya, alikuwa uani akitandaza mihogo juani. Alimwonyesha kiti, akaendelea na mihogo. Kyungu alitoka, akaja moja kwa moja mpaka karibu yake, karibu kuliko watu wanavyosimama kwa kawaida, kabla ya kusema, "Ah, ni weye."

"Papa, niliona kompyuta yako."

Alikaa chini polepole. "Basi umeona."

"Tangu wakati gani?"

"Ni sukari. Daktari alisema inakula macho pole pole. Asubuhi inakuwa muzuri kidogo. Mangaribi, bantu banakuwa kama moshi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza hitilafu ya mashine. "Hakuna mwenye anajua, ila huyu mama hapa."

"Nitamwambia patron. Dessin yangu njo ilikatika. Uliniomba niipunguze. Nilikataa."

"Haukukataa. Ulisema utafanya."

Hilo lilimchoma zaidi. "Nitamwonyesha vile ilikatika."

"Utamwonyesha namna gani?" Kyungu aliuliza. "Kwa ekran yake kubwa iko muzima. Ili aone inakatika, lazima ukuze herufi. Atauliza, nani anasoma na herufi ya vile? Na minyi nitakuwa nimekwisha." Alishika magoti yake. "Bibiche, minyi sina kazi ingine. Uniahidi hautasema. Macho ni yangu."

Maman Ndaya alikuwa ameacha mihogo, anamtazama. Bibiche aliahidi.

Akarudi karakana akiwa na deni la kumwokoa mzee na ahadi ya kutosema kwa nini. Alitafuta njia katikati ya hayo mawili, akaipata, na ilikuwa uongo. Alifungua mchoro wake, akaondoa nafasi kwenye ule mstari wa majina ya skrubu, akaweka Tab mahali pake. Kwenye mashine yake, iliyopima Tab kwa nafasi nne, A1 na A2 zilikaa sawa. Kwenye mashine inayopima kwa nafasi nane zilisukumwa kulia, A1 ikaondoka juu ya mshale wa kisima na kwenda kusimama juu ya mshale wa tanki. Alimpelekea Kaumba kompyuta mbili, akaziweka kando kwa kando.

"Patron, faili ni moja. Ona hapa, na uone kule."

Kaumba aliinama. "Kumbe."

"Ni kosa yangu. Niliacha Tab ndani. Papa Kyungu alinifundisha nisitie Tab, minyi nikatia. Yeye alisoma vile kompyuta ilimuonyesha."

Kaumba hakuwa mtu wa programu, na hakuwa na sababu ya kumshuku mtu anayejishtaki. Alimkemea Bibiche mbele ya wote, akamwambia kiburi cha michoro mizuri kimewanyima watu maji. Kila neno lilikuwa la kweli. Ushahidi tu ndio ulikuwa wa uongo, na Bibiche alilikubali kemeo lile karibu kwa furaha, akidhani amelipa. Jioni ile Kaumba alituma mtu amwite Kyungu arudi kazini.

Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kumsumbua kweli. Alikuwa amemrudishia mzee heshima yake, na pamoja na heshima amemrudishia nyaya. Kila Kyungu alipopanda lori, Bibiche alishindwa kula. Alipoenda misa na mama yake aliona mgongo wa mzee safu za mbele, akasali arudi salama, kisha akashangaa kumwomba Mungu ailinde hila yake.

Walipata kazi Bukama, boksi la pampu kwenye bustani karibu na mto, na Bibiche akaomba aende naye. Kaumba alikubali. Njiani Kyungu alikuwa mchangamfu, akisimulia miaka ambayo samaki wa Bukama walikuwa wengi mpaka watu wakawachagua kwa ladha. Hakutaja macho, wala Bibiche hakutaja.

Walifika jua limeshuka. Kyungu alifungua mlango wa boksi, akashusha swichi, akaanza kutafuta skrubu. Bibiche alikuwa nyuma yake, ameshika bisibisi ndogo. Aliona mkono wa mzee ukitembea juu ya safu ya skrubu kwa ncha za vidole, kama mtu anayepapasa shanga za rozari. Halafu akaitazama swichi. Ile aliyoishusha ilikuwa ya taa. Swichi kuu ya umeme ilikuwa bado juu.

Hakuita. Alimpiga mkono kwa nguvu, bisibisi ndogo ikaruka majanini.

"Weye!" Kyungu alifoka, akageuka, uso umejaa hasira ya mtu mzima aliyepigwa na mtoto.

"Iko na umeme, Papa."

Mzee aligeukia boksi. Alisogeza uso karibu na swichi mpaka pua ikakaribia kuigusa, akatazama kwa muda. Kisha akaketi chini kwenye udongo wa bustani ya watu, mikono imelegea.

Bibiche alizima umeme, akafanya kazi yote peke yake. Alipomaliza alikuja kukaa kando yake.

"Nitamwambia patron," alisema.

"Uliniahidi."

"Ndiyo, niliahidi. Nitamwambia na ile ya Tab, vile ilikuwa uongo."

"Utanifukuzisha kazi, ili weye ulale muzuri?"

Ndani ya neno lile kulikuwa na ukweli, na Bibiche hakujua ni kiasi gani. "Sitalala muzuri," alisema mwishowe. "Nitasema tu."

Kyungu hakusema naye tena mpaka Kamina.

Kaumba alisikiliza yote akiwa amesimama. Bibiche alimwonyesha mchoro ukikatika kwenye herufi kubwa, na mara hii hakuficha herufi hizo zilikuwa za nani. Alimwambia kuhusu ombi, kuhusu ule "nitafanya", kuhusu mchoro mwembamba alioufuta. Mwisho alimweleza jinsi alivyoitia ile Tab baadaye.

"Yeye alinificha macho," Kaumba alisema. "Weye ukanitengenezea uongo, ukaniletea kwa meza yangu, nikauamini kama mujinga." Alizunguka chumba. "Weye unaweza kuandika. Yeye hawezi kuunganisha. Unajua maana yake? Maana yake utabaki weye, ataenda yeye. Njo ile unataka?"

"Hapana, patron."

"Lakini njo vile itakuwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kyungu aliagwa vizuri, kwa maneno mazuri. Bibiche alipewa adhabu moja: pampu mpya ilipopatikana, aende mwenyewe Kabondo-Dianda kuifunga, na awaeleze watu. Alisimama mbele ya akina mama wa kijiji kile akawaambia kwamba yeye ndiye aliyechora vibaya, na mzee aliyekuja awali hakuwakosea. Walimsikiliza kwa adabu. Hawakuelewa mchoro ndani ya kompyuta ni kitu gani. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni aliyeharisha muda wote wa maji ya mto, alimshukuru kwa kuwaletea maji, akamshika mikono miwili. Bibiche aliiacha mikono yake pale kwa sababu kuiondoa kungekuwa ufidhuli. Alikiinua kihisi cha kisima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akisikiliza pampu ikizima kila mara.

Kabla ya safari ile alikuwa ameuchora mchoro upya. Alirudi kwenye alama za kujumlisha na vistari. Aliyasimamisha masanduku yote kwenye safu moja, jina la kila skrubu likiwa kwenye mstari ule ule wa mshale wake, ili hata mstari ukikunjwa lisiweze kuhama kwenda kwa jirani. Na chini yake akaandika maneno.

```
/*
   +--------+
   | KISIMA |
   +--------+
       |
       | A1: zima pampu
       v
   +--------+
   | BOKSI  |
   +--------+
       ^
       | A2: washa taa
       |
   +--------+
   | TANKI  |
   +--------+

   Waya wa kisima unaingia A1.
   Waya wa tanki unaingia A2.
*/
```

Aliukuza mpaka herufi zikawa kama ngumi. Ulishuka chini ya skrini, lakini haukuvunjika. Alitamani kuupeleka kwa Kyungu, na kwa muda mrefu hakuthubutu.

Alipokwenda, hatimaye, alichukua kompyuta iliyowekewa programu ya kusoma skrini kwa sauti. Maman Ndaya alimfungulia bila salamu. Kyungu alikuwa amekaa ndani, redio imezimwa. Macho yake yalimtafuta mahali asipokuwepo.

"Ni minyi, Papa. Bibiche."

"Nimesikia miguu."

Alieleza kwa haraka kwamba hakuja kuomba kitu. Kwamba kuna programu anaandika na hajui kama iko sawa, na hakuna mtu karakana anayeweza kumwambia. Bibiche aliiwasha ile sauti. Ilikuwa sauti ya Kifaransa, ya mwanamke mwenye haraka, na ilipofika kwenye mchoro ikaanza kutaja kila alama na kila kistari: plus, tire, tire, tire, tire, tire, tire, tire, tire, plus. Kisha mstari wa pili. Kisha wa tatu. Ilisoma ukuta baada ya ukuta, dari baada ya dari, bila kupumzika, na Bibiche aliyekuwa ameunyoosha mchoro ule safu kwa safu alihisi uso wake ukiwaka moto. Alikimbilia kuizima.

"Acha," Kyungu alisema. "Acha ifike."

Waliisikiliza yote. Mwishoni ilifika kwenye maneno, ikayatamka Kiswahili kama Mzungu mlevi: waya wa kisima unaingia A1.

"Hii maneno uiweke juu," Kyungu alisema. "Kwanza maneno, kisha dessin. Mwenye haone asingoje ukuta zote ziishe."

Bibiche aliyahamisha pale pale. Sauti ikasoma tena, ikaanza na maneno. Mzee alitikisa kichwa mara moja. Akauliza kuhusu mstari mmoja wa programu yenyewe, akataka usomwe upya, akamwambia pampu itawaka na kuzima haraka mno pale maji yatakapocheza kwenye kihisi, kwa hiyo aweke subira kidogo katikati. Alikuwa sahihi. Bibiche aliandika.

Nje, Maman Ndaya alikuwa anakoroga bukari, ugali wa jioni, na sauti ya mwiko ikigonga sufuria ilijaa nyumba. Hakuna aliyemkaribisha mgeni kubaki kula. Bibiche alifunga kompyuta, akasimama, na hakuweza kuondoka.

"Papa, kasirani bado iko?"

Kyungu alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kwa adabu tu.

"Iko," alisema. "Lete programu ingine siku ya ine."